Hotuba ya kunawa mikono ianzie kwenye koki: barua ya wazi kwa walimu wakuu na kamati za shule

Kwa walimu wakuu, walimu wa afya na wajumbe wa kamati za shule za msingi,

Salaam.

Siku ya Kunawa Mikono Duniani, Oktoba 15, imekuwa ikiadhimishwa tangu 2008, na shuleni huadhimishwa kwa namna moja: mwalimu wa zamu hupewa dakika kumi mstarini, watoto huitikia kwa pamoja, kisha kengele inagongwa na wote wanaingia madarasani. Sisi tunaoandika ni maafisa afya mazingira na wauguzi tunaoshughulika na afya shuleni. Tuna ugomvi na sentensi moja iliyomo karibu katika kila hotuba ya aina hiyo, na tuna hesabu ya koki ambayo tungependa mwifanye kabla hotuba haijasomwa.

Sentensi yenyewe ni hii: “Sabuni huua vijidudu.”

Mtoto akiambiwa kwamba sabuni huua, anaielewa kama dawa ya mbu: ikigusa tu, kazi imekwisha. Kwa hiyo anaigusa sabuni, anapitisha viganja kwenye maji sekunde tatu, anaondoka. Na kwa alivyofundishwa, hajakosea. Kumbe bakteria wengi wa kinyesi walio mikononi hawafi kwa sabuni ya kawaida katika muda wa kunawa. Wanang'olewa. Wanaondoka wakiwa hai na kwenda na maji kwenye mfereji. Wapo virusi ambavyo sabuni huvivunja kweli, kama vile vya korona na vya homa ya mafua, kwa sababu vimefunikwa na ganda la mafuta. Lakini virusi vya rota na vya noro, ambavyo huleta kuhara na kutapika, havina ganda hilo, na navyo dawa yake ni kuondolewa.

Kuondoa ni kazi ya vitu vitatu kwa pamoja. Ngozi ya mkono ina mafuta yake, na juu yake kuna jasho, vumbi na mabaki ya chakula. Humo ndimo vimelea wanamonata. Maji peke yake hayachanganyiki na mafuta, hivyo hupita juu tu. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hushika maji na nyingine hushika mafuta, kwa hiyo huyazunguka mafuta na kuyageuza vipande vidogo vinavyoweza kubebwa na maji. Kusugua ndiko kunakoyabandua kutoka kwenye mikunjo ya ngozi na pembeni mwa kucha. Maji tiririka ndiyo yanayoyaondoa. Ukikosa kimoja, viwili vilivyobaki havitoshi. Ndiyo maana maji kuwa ya moto au ya baridi si hoja. Ya baridi yanatosha, mradi yanatiririka.

Kuna jaribio lililofanyika London na kuchapishwa 2011 ambalo linaonyesha jambo hili vizuri kuliko maneno. Watu walishika vitasa vya milango na vyuma vya kujishikia mahali pa umma, kisha wengine hawakunawa, wengine walinawa kwa maji matupu, na wengine kwa maji na sabuni ya kawaida isiyo na dawa. Bakteria wa aina inayotoka kwenye kinyesi walipatikana katika asilimia 44 ya mikono isiyonawiwa, asilimia 23 ya iliyonawiwa kwa maji matupu, na asilimia 8 ya iliyonawiwa kwa sabuni. Maji matupu, basi, si bure kabisa, na sabuni nayo haileti sifuri. Kamati zinazotaka kununua sabuni yenye dawa ya kuua bakteria kwa bei ya juu nazo zisikie: utafiti wa Karachi, Pakistan, uliochapishwa 2005, uliona kuhara kwa watoto kukipungua kwa karibu nusu katika nyumba zilizopewa sabuni na kuhimizwa kunawa, na sabuni yenye dawa haikuizidi ya kawaida.

Sasa onyesho. Shule nyingi zimeanza kutumia lile la pilipili manga: unainyunyiza kwenye sahani ya maji, mtoto anachovya kidole chenye sabuni, pilipili inakimbilia pembeni, watoto wanashangilia. Linapendeza, na ndiyo shida yake. Linaonyesha tu jinsi sabuni inavyolegeza uso wa maji. Mtoto anaondoka akiamini kwamba vijidudu huikimbia sabuni, yaani tumerudi kwenye dawa ya mbu.

Tunapendekeza hili badala yake. Chukueni nusu kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia na ncha ya kijiko ya unga wa mkaa au masizi, mchanganye, na mpake viganjani, kati ya vidole na pembeni mwa kucha za wanafunzi watatu. Wa kwanza anawe kwa maji matupu. Wa pili anawe kwa sabuni huku darasa likihesabu hadi tano. Wa tatu anawe kwa sabuni huku shule nzima ikihesabu taratibu hadi ishirini, akisugua viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, vidole gumba, kisha ncha za vidole kwenye kiganja cha pili. Halafu kila mmoja ajifute kwa kitambaa cheupe cha kwake. Kitambaa cha kwanza kitakuwa cheusi. Cha pili ndicho cha kutazamwa kwa makini, kwa sababu viganja vitakuwa vimetakata na weusi utatoka kwenye gumba, kwenye ncha za vidole na kati ya vidole, sehemu zilezile ambazo watu wazima pia huziruka. Mtu anayetumia mkono wa kulia mara nyingi husahau mgongo wa mkono huohuo wa kulia, kwa kuwa ndio unaofanya kazi ya kuusugua mwingine. Fanyeni jaribio hili siku moja kabla, ofisini, ili mjue kiasi cha mkaa. Ukizidi hata mtoto wa tatu ataaibika bure.

Hotuba yenyewe tunaiweka hapa. Haizidi dakika tano, na mnaweza kuisoma kama ilivyo au kuibadilisha.

“Wanafunzi, inueni mikono juu. Itazameni. Mmeona uchafu? Wengi mnasema hapana, na mnasema kweli: mnachokitafuta hakionekani kwa macho. Ngozi yenu ina bakteria wa aina mbili. Wapo wenyeji, wanaoishi ndani ya mikunjo ya ngozi, na hao kwa kawaida hawatudhuru. Wapo wageni, waliokuja leo kutoka chooni, kwenye pua ya mdogo wako, kwenye banda la kuku. Tukinawa tunawatoa wageni.

“Tufuate safari ya mgeni mmoja. Jina lake ni shigela, bakteria wa kuhara damu. Mtoto mmoja anaumwa lakini amekuja shule. Ametoka chooni, hakunawa, ameshika komeo la mlango. Wewe umeingia baada yake, umeshika komeo lilelile. Kengele ya mapumziko imelia, umenunua kipande cha embe, umekila. Shigela hahitaji jeshi kubwa. Mamia machache, wakati mwingine hata kumi tu, wanatosha kumlaza mtu. Kumi hawaonekani, hawanuki, hawana ladha. Kipindupindu ni tofauti kidogo. Bakteria wake kwa kawaida wanahitaji kuwa wengi sana ndipo waumize, kwa hiyo hupenda kupitia maji machafu au chakula kilicholala, ambamo wamepata nafasi ya kuongezeka. Kuhara damu hupita mkono kwa mkono kwa urahisi zaidi.

“Katika safari ile palikuwa na milango miwili ya kufungwa. Mlango wa kwanza ni pale mgonjwa alipotoka chooni. Wa pili ni pale wewe ulipotaka kula embe. Yeye akinawa, komeo linabaki safi. Yeye akisahau nawe ukinawa, shigela wanaishia kwenye mfereji. Ndiyo maana tunawataka mnawe nyakati mbili hata siku mkichoka: mkitoka chooni, na kabla ya kutia kitu mdomoni. Mkipenga kamasi na mkishika wanyama, naweni pia.

“Namna ya kunawa mmeiona kwa wenzenu watatu. Lowesha, paka sabuni, sugua huku ukihesabu taratibu hadi ishirini, suuza kwa maji yanayotiririka, kung'uta mikono mpaka ikauke. Usijifute kwenye sketi wala kaptura uliyokalia chini. Mkono uliolowa hubeba na kuachia vijidudu kwa urahisi kuliko mkavu, kwa hiyo kukausha ni sehemu ya kunawa. Kucha ndefu ni ghala. Zikatwe kila Jumamosi.

“La mwisho. Kunawa mikono hakuzuii kila ugonjwa, na atakayewaambia hivyo anawadanganya. Kifua kikuu na surua husafiri hewani. Safura huingia kwa kupenya ngozi ya miguu inayokanyaga udongo wenye kinyesi, kwa hiyo vaeni viatu. Kichocho kipo kwenye maji ya ziwa na madimbwi, na huingia popote ngozi ilipolowa. Mikono tunainawa kwa ajili ya kuhara, kwa ajili ya mayai ya minyoo ya tumbo, na kwa ajili ya mafua tunayojipaka wenyewe tukishika pua na macho.”

Hapo hotuba imeisha. Watoto wameelewa, kengele ya chakula imelia. Sasa twende kwenye koki.

Tuchukue shule ya wanafunzi 600 yenye koki tatu, na chakula cha mchana kinachoanza kwa mapumziko ya dakika 30. Mtoto mmoja anayefanya yote mliyomfundisha, tangu kulowesha hadi kumpisha mwenzake, hutumia kama sekunde 45. Koki moja basi huhudumia watoto 40 katika nusu saa, na koki tatu huhudumia 120. Waliobaki 480 wana njia mbili: wale bila kunawa, au wanawe haraka haraka kwa sekunde tatu. Kuwanawisha wote 600 sawasawa kwenye koki hizo kungechukua saa mbili na nusu. Maji nayo ni hivyohivyo. Koki iliyoachwa wazi ikitoa lita 4 kwa dakika, kila mtoto anatumia lita 3, na mlo mmoja unakula lita 1,800. Hakuna tangi la shule litakaloyabeba hayo wiki nzima wakati wa kiangazi, na mwalimu mkuu atafunga koki kwa kufuli. Hatumlaumu. Tunachosema ni kwamba mtoto ambaye hakunawa siku hiyo hakukosa elimu.

Shule nyingine hutatua foleni kwa beseni moja la maji ya sabuni mlangoni mwa jiko. Tunaomba beseni hilo liondolewe leo. Mtoto wa kwanza anaacha uchafu wake ndani, wa kumi anauchovya, wa hamsini anatoka na mchanganyiko wa wote waliomtangulia, kisha anaingia kula. Taulo moja ya kujifutia wote ina kosa hilohilo.

Njia inayofaa kwa idadi kubwa ni bomba la matundu, ambalo lilienezwa sana katika shule za Ufilipino na linaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa maji. Mnahitaji bomba la plastiki la inchi moja, urefu wa mita 3, lililolazwa kwenye nguzo kwa kimo cha kiuno cha watoto wa darasa la pili. Toboeni matundu 20 ya milimita 2, kumi kila upande, umbali wa sentimita 30 kati ya tundu na tundu, yakielekea chini kidogo. Kitako cha tangi kiwe juu ya bomba kwa kama mita moja. Koki ni moja tu, na inashikwa na kiranja, si na watoto mmoja mmoja.

Watoto 20 wanasimama, kumi kila upande. Kiranja anafungua maji sekunde 5, anafunga. Viranja wanne wenye chupa wanatia sabuni viganjani, kila mmoja watoto watano, kama sekunde 10. Wote wanasugua huku wakihesabu hadi ishirini, maji yakiwa yamefungwa. Maji yanafunguliwa tena sekunde 10, kisha kundi linapisha. Ni kama dakika moja kwa kundi. Makundi 30, dakika 30. Mkiwa na mabomba mawili, robo saa. Tundu la milimita 2 kwa kimo hicho cha tangi hutoa takriban nusu lita kwa dakika, kwa hiyo kila mtoto anatumia kama mililita 120, na shule nzima inanawa kwa lita 70 na ushei. Linganisheni na zile 1,800.

Mambo yanayoharibu bomba hili tunayajua. Fundi asiye na msumari mwembamba hutoboa milimita 4, akidhani ameongeza mara mbili. Kumbe ameongeza mara nne, maji yanaisha kabla ya darasa la sita, na matundu ya mwisho yanadondosha tu. Mchanga wa tangi huziba matundu, kwa hiyo kifuniko cha mwisho wa bomba kisigandishwe kwa gundi, kiwe cha kufunguliwa ili mara moja kwa wiki maji yapite kwa nguvu. Na chini ya bomba pawe na mfereji unaopeleka maji kwenye shimo la kokoto au kwenye migomba. Pasipokuwa na mfereji patakuwa na tope, tope litaleta mbu, na watoto wataanza kupakwepa.

Pale mlangoni mwa choo hapahitaji makundi. Ndoo yenye koki au kibuyu chirizi kinachokanyagwa kwa mguu kinatosha, mradi kijazwe kila asubuhi. Ndoo nyingi zilizonunuliwa 2020 zimelala stoo kwa sababu ya koki ya plastiki iliyovunjika. Badilisheni koki. Vitakasa mikono visiwadanganye kuwa mbadala: vinahitaji pombe ya angalau asilimia 60, vinashindwa kwenye mkono wenye tope au mafuta, na havifanyi kazi vizuri dhidi ya virusi vya noro wala mayai ya minyoo.

Wanaojenga vyoo wasikie pia habari ya Nyanza, Kenya. Utafiti uliochapishwa 2012 ulipima bakteria wa kinyesi kwenye mikono ya wanafunzi wa shule za msingi huko. Shule zilizoongezewa vyoo vipya zilikutwa na wasichana wenye mikono michafu zaidi, si safi zaidi. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba choo kizuri kinatumiwa zaidi, na kikitumiwa zaidi pasipo karatasi, maji wala sabuni, mkono ndio unaobeba matokeo. Bajeti ya tundu la choo isiyo na mstari wa sabuni haijakamilika.

Na sabuni ndiyo inayokatika kwanza. Kipande cha mche kikiwekwa wazi huibwa, hudondoka mchangani au huyeyuka kwenye maji kikaisha kwa siku mbili. Tumieni sabuni ya unga: gramu 30 katika lita 1.5 za maji safi, koroga bila kutikisa ili isijae povu, kisha gawa kwenye chupa nne za nusu lita zenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari uliopashwa moto. Kila mtoto anahitaji kama mililita 2 na nusu, hivyo mchanganyiko huo unatosha watoto 600 mara moja. Ongezeni gramu 30 nyingine kwa ajili ya vyoo. Ni gramu 60 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 22 za masomo ni kilo moja na gramu 320. Hesabu hiyo ipelekwe kwenye kikao cha kamati kama ilivyo.

Msiongeze mchanganyiko mpya juu ya mabaki ya jana. Bakteria huweza kuota ndani ya chupa ya sabuni inayojazwa juu kwa juu, na hapo mtamwagia watoto kile mnachotaka kukiondoa. Chupa zioshwe na kukaushwa kila Ijumaa. Mtoto mwenye ukurutu mikononi apewe kipande cha sabuni laini ya kuogea, kwa kuwa sabuni ya unga itamchubua. Sabuni ikiisha kabisa, jivu safi la kuni likisuguliwa vizuri ni afadhali kuliko maji matupu, lakini liwe la siku mbili tatu mkingoja sabuni, lisiwe utaratibu.

Kuhusu ukaguzi, hatutaki fomu. Kila asubuhi chupa zikishajazwa, mwalimu wa afya apige mstari kwa kalamu ya wino usiofutika mahali sabuni ilipofika. Baada ya chakula azitazame. Zikiwa karibu tupu, watoto wamenawa. Zikiwa bado kwenye mstari wa asubuhi na masufuria jikoni yamekwisha, aende kwanza kwenye tangi aone kama lina maji, kisha kwenye koki, kisha kwa kiranja, kabla ya kumwita mtoto yeyote ofisini.

Ni sisi,
maafisa afya mazingira na wauguzi wa afya shuleni